Mizani, futi ya fundi na daftari la mazoezi: anayeanza kubadili umbile apimwe kwa kipi, na ajipe muda gani?

Mtu anayeanza mazoezi ya vyuma hapa Dodoma mara nyingi huingia jimu akiwa na lengo lililokwisha kuandikwa kwa kilo. Atasema anataka kupungua kilo 10 ndani ya miezi mitatu, na ukimuuliza anataka aonekane vipi siku hiyo ikifika, atakueleza habari nyingine kabisa: kitambi kiishe, kifua na mabega yajae, suruali za zamani ziingie bila kubana pumzi. Maelezo hayo ya pili ni ya kubadili umbile, yaani kupunguza mafuta na kuongeza misuli katika kipindi kimoja, na mizani haina namna ya kuyapima, kwa sababu kilo ya mafuta iliyotoka na kilo ya misuli iliyoingia hufutana juu yake. Ulinganisho huu unaviweka bega kwa bega vipimo vitatu ambavyo mtu wa kawaida anavimudu, yaani mizani, futi ya fundi cherehani na daftari la mazoezi, ili ionekane kila kimoja kinaona nini, kinadanganywa na nini, na kinahitaji muda gani kabla hakijaaminika. Suala la muda ndilo zito kuliko yote, kwani wengi huacha mpango uliokuwa ukienda vizuri kwa kuwa walikiuliza kipimo mapema kuliko kilivyoweza kujibu.

Malengo mawili ya mtu mmoja

Tumchukue mtu wa mfano. Ni mtumishi wa umma mwenye miaka 34, anayeshinda kwenye kiti ofisini Mtumba, urefu wake sentimita 170, uzito kilo 82 na kiuno sentimita 98. Hajawahi kunyanyua vyuma. Amepimwa na daktari na hana kisukari wala shinikizo la damu. Mwenye maradhi hayo, mjamzito, au anayetumia dawa za kushusha sukari apange na daktari wake kabla ya kugusa kiasi cha chakula.

Lengo lake la kwanza ni lile la kilo 10 kwa wiki 12. Hesabu yake ni kilo 0.8 kwa wiki, sawa na takribani asilimia moja ya uzito wake, ambayo ndiyo mwisho wa kasi inayoshauriwa kwa watu wengi. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takribani kalori 7,700, kwa hiyo ili kasi hiyo ipatikane atalazimika kula pungufu ya matumizi yake kwa kalori 900 hivi kila siku. Kwa mtu wa kazi ya kukaa, ambaye mwili wake unatumia pengine kalori 2,300 au 2,400 kwa siku, hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya chakula chake. Inawezekana, na wapo wanaofanikiwa, lakini mtu mwenye njaa ya namna hiyo hanyanyui vizuri, halali vizuri, na sehemu ya kilo zinazoondoka huwa ni misuli. Mizani itampongeza na kioo hakitampongeza, maana atakuwa na umbile lilelile, dogo kidogo.

Lengo la pili limeandikwa kwa vipimo vingine na kwa muda mrefu zaidi: ndani ya wiki 24, kiuno kishuke kutoka sentimita 98 hadi 91 au 92, na uzito anaoubeba kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka akiwa na chuma mabegani, uongezeke maradufu kwa idadi ileile ya marudio. Namba hizo hazikuokotwa. Anayeanza, akila pungufu kwa kalori 300 hivi kwa siku, anaweza kupoteza robo kilo ya mafuta kila wiki, yaani kilo 6 kwa wiki 24. Na kwa wanaume wengi kila kilo ya mafuta inayotoka huenda na takribani sentimita moja ya kiuno. Kalori 300 ni soda moja ya chupa pamoja na kijiko kikubwa kimoja na kidogo cha mafuta ya kupikia, kwa hiyo punguzo hilo halimwondolei mtu ugali wake. Kwa upande wa misuli, mwanaume anayeanza na ambaye hali kwa ziada anaweza kutarajia kilo 2 hadi 3 katika muda huo akifanya mambo yake sawasawa. Mwanamke atarajie kama nusu yake.

Sasa ukiyaweka malengo hayo mawili kwenye mizani, tofauti inajionyesha. Kilo 6 za mafuta zimetoka, kilo 2 na ushee za misuli zimeingia, na mizani kwa hiyo itashuka kilo 3.5 hadi 4 tu kwa karibu nusu mwaka. Wastani wake ni gramu 150 kwa wiki. Uzito wa mtu huyohuyo hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku moja kwa sababu ya maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni na haja ambayo hajaenda. Kuitaka mizani ikuambie kila Jumatatu kama gramu 150 zimeondoka ni kuitaka isikie mnong'ono katikati ya soko la Majengo.

Lengo la pili lina masharti mawili ambayo bila hayo linabaki maandishi matupu. La kwanza ni mazoezi ya vyuma siku tatu kwa wiki yanayogusa mwili mzima na yanayoongezwa uzito hatua kwa hatua. Kukimbia asubuhi kuzunguka Uwanja wa Jamhuri kuna faida zake, ila hakujengi mapaja wala mgongo kwa kiwango hiki. La pili ni protini ya kutosha, ambayo kwa anayejenga misuli ni takribani gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kitambi anaweza kupigia hesabu uzito anaoutaka badala ya ule alionao, hivyo mtu wetu analenga gramu 120 kwa siku. Mayai matatu na kikombe cha maziwa asubuhi ni gramu 26 hivi, robo kilo ya nyama ya mbuzi yenye mifupa mchana inampa kama 35, na jioni maharage yaliyopimwa gramu 100 kabla ya kupikwa pamoja na kiganja cha dagaa wakavu humwongezea karibu 40. Kinachobaki kinatoka kwenye ugali wenyewe, wa mtama, uwele au mahindi. Mlenda na karanga zikiwepo ni heri, lakini karanga zihesabiwe kwa uangalifu kwa kuwa konzi moja ya mkono hubeba kalori nyingi kuliko protini unayoitafuta.

Mizani

Sifa ya mizani ni kwamba ni rahisi, haihitaji ufundi, na hutoa namba papo hapo. Ubaya wake ni huohuo. Anayeanza vyuma hupata jambo moja ambalo lisipoelezwa mapema humkatisha tamaa: katika wiki mbili hadi nne za kwanza misuli inayofanyishwa kazi huhifadhi wanga zaidi ndani yake, na kila gramu ya wanga huo huhifadhiwa na takribani gramu tatu za maji. Ongeza uvimbe mdogo wa misuli iliyochoka, na mtu aliyepunguza chakula kwa uaminifu anaweza kukuta amepanda nusu kilo au kilo nzima. Anayetumia kriatini, ile poda ya wanaonyanyua vyuma, ataongezeka zaidi kwa maji hayohayo. Hajanenepa hata kidogo, ila hakuna njia ya kulijua hilo kwa kuangalia mizani peke yake.

Ikitumiwa, itumiwe kwa wastani. Ajipime asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya chai, bila nguo nzito, siku tatu au zaidi za wiki, kisha achukue wastani wa wiki hiyo na kuulinganisha na ule wa wiki nne nyuma. Mizani ya nyumbani iwekwe kwenye sakafu ngumu, kwani juu ya zulia au mkeka husoma vibaya. Wale vijana wanaopima uzito na urefu pembeni mwa barabara wanafanya kazi yao halali, lakini kujipima kwao saa tisa alasiri ukiwa na viatu, simu na chakula cha mchana tumboni, na wiki ijayo kwa kijana mwingine mwenye mizani nyingine, hakukupi chochote cha kulinganisha.

Futi ya fundi

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha kwanza kununua, nacho ni cha bei ya chini. Futi ya kamba ya fundi cherehani huona kile ambacho mizani haikioni, kwa kuwa misuli ya mapaja na mgongo ikiongezeka haikipanui kiuno, ilhali mafuta ya tumboni yakipungua kiuno hushuka hata kama uzito umeganda. Ina faida nyingine ya kiafya: kiuno kisichozidi nusu ya urefu ni alama nzuri kwamba mafuta ya ndani ya tumbo si mengi. Nusu ya urefu wa mtu wetu ni sentimita 85, kwa hiyo ana sentimita 13 za safari yote, na hapo ndipo inapoonekana kwamba kuzitaka zote kwa wiki 24 huku akijenga misuli ni kujipa deni. Nusu ya safari inatosha kwa awamu ya kwanza.

Udhaifu wa futi ni mkono unaoishika. Mtu akipima leo kwenye kitovu na wiki ijayo vidole viwili juu yake, anaweza kujipatia au kujinyang'anya sentimita tatu bila kujua. Utaratibu unaoaminika ni huu: simama wima, miguu karibu karibu, tafuta kwa vidole mwisho wa ubavu wa chini kabisa na juu ya mfupa wa nyonga, kisha weka alama kwa kalamu katikati ya sehemu hizo mbili. Futi ipite juu ya alama hiyo kwenye ngozi, iwe sawa mbele na nyuma (kioo au mtu wa nyumbani asaidie kuangalia mgongoni), iguse ngozi bila kuizamisha, na isomwe mwisho wa pumzi ya kawaida inayotoka. Pima mara tatu na uchukue namba ya katikati. Jambo dogo linalowapata wengi ni kwamba futi hizi zina sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, na zile za kitambaa huvutika zikizeeka. Ilaze juu ya rula siku moja moja uone kama sentimita 30 bado ni 30.

Hata kwa utaratibu huo, kosa la sentimita moja ni la kawaida. Kwa hiyo mabadiliko yaliyo chini ya sentimita moja yachukuliwe kama hayajatokea, na ndiyo sababu ya kupima kila baada ya wiki mbili na kutoa uamuzi kila baada ya wiki nne. Asiyetaka futi anaweza kutumia mkanda wa suruali, maana kwenye mikanda mingi tundu na tundu hupishana kama sentimita 2.5, na kuhama tundu moja ni habari ya kweli. Suruali yenyewe pia inafaa, mradi iwe ya kitambaa kisichovutika.

Daftari la mazoezi

Daftari linaandika kila zoezi, uzito uliobebwa, seti na marudio. Mtu wetu anaanza na skwati, benchi yaani kusukuma chuma juu akiwa amelala chali, kuvuta chuma kuelekea tumboni, kunyanyua chuma kutoka sakafuni na kusukuma juu ya kichwa, seti tatu za marudio 8 hadi 12 kwa kila zoezi. Akifikisha marudio 12 kwenye seti zote tatu bila umbo la zoezi kuharibika, anaongeza kilo 2.5 siku ya mazoezi inayofuata na marudio yanarudi chini. Hicho ndicho kipimo kinachojibu upesi kuliko vyote. Ndani ya wiki mbili tayari kuna mstari unaopanda, na kwa mtu anayeanza mstari huo una thamani kubwa kwa sababu ndicho kitu pekee kinachosogea katika kipindi ambacho mizani imepanda na kiuno hakijasema kitu.

Ila nalo lina uongo wake. Nguvu zinazokuja katika wiki sita hadi nane za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamrisha misuli iliyokuwepo, pamoja na mwili kulizoea zoezi. Misuli mipya bado ni michache. Mtu aliyepandisha skwati kutoka kilo 30 hadi 45 kwa wiki sita hajaongeza nusu ya mapaja yake. Kuanzia wiki ya nane hivi, kila nyongeza kwenye marudio 8 hadi 12 ni ushahidi unaozidi kuelekea kwenye misuli yenyewe, hasa kama mzunguko wa paja na wa mkono haupungui wakati kiuno kinashuka.

Kuna jambo la mtaani linalohitaji kusemwa hapa. Jimu nyingi za uani zina vyuma vya saruji vilivyomiminwa kwenye makopo ya rangi, navyo havina namba. Kopo linaloitwa la kilo 10 linaweza kuwa 8 upande huu na 11 upande ule. Vibebe mara moja tu hadi kwenye mizani ya muuza nafaka, andika uzito wa kila kimoja kwa rangi, na daftari lako litakuwa na maana. Kama nyongeza ndogo ya kilo 2.5 haipo, songa kwa marudio: kutoka 8 hadi 15 kabla ya kuhamia kopo kubwa.

Vikisomwa pamoja

Namba zifuatazo ni za mfano, nimezipanga kulingana na kasi zilizoelezwa hapo juu, na mtu wetu ameanza wiki ya kwanza ya Januari. Uzito ni wastani wa wiki, na skwati ni kilo alizobeba kwa marudio 10.

| Wiki | Mizani (kilo) | Kiuno (sentimita) | Skwati (kilo) |
|---|---|---|---|
| 0 | 82.0 | 98 | 30 |
| 4 | 82.4 | 97 | 40 |
| 8 | 81.3 | 95.5 | 47.5 |
| 12 | 80.9 | 94.5 | 52.5 |
| 16 | 80.6 | 94.5 | 52.5 |
| 20 | 79.3 | 92.5 | 57.5 |
| 24 | 78.3 | 91.5 | 60 |

Wiki ya nne ndiyo inayowatoa watu jimu. Mwenye lengo la kilo 10 kwa wiki 12 anatakiwa awe amepungua kilo tatu na zaidi, naye amepanda gramu 400. Atapunguza tena chakula, au ataacha. Mwenye lengo la pili anasoma safu zote tatu: skwati imepanda sana, kiuno kimeshuka sentimita moja ambayo iko ukingoni mwa kosa la kipimo, na mizani ina maji. Uamuzi sahihi kwa ushahidi huo ni kutobadilisha chochote na kusubiri wiki ya nane, ambapo kiuno kimeshuka sentimita 2.5 na hakuna tena shaka.

Kati ya wiki ya 12 na ya 16 mambo yalisimama kweli. Kiuno hakikusogea, skwati haikusogea, na uzito ulishuka gramu 300 zisizo na maana. Ilikuwa Aprili, Bunge la Bajeti limeanza, na watumishi wengi wa mji huu wanajua maana yake: kutoka ofisini saa tatu usiku, chipsi mayai badala ya chakula cha nyumbani, usingizi wa saa tano, na jimu mara moja kwa wiki. Vipimo viwili vinavyoaminika vikisimama pamoja kwa wiki nne, kosa liko kwenye utekelezaji na si kwenye mwili. Tazama jinsi mizani peke yake ingemficha ukweli, kwa kuwa ilikuwa bado inashuka kidogo. Alichofanya ni kukubali siku mbili za mazoezi badala ya tatu, kila siku ikiwa na mazoezi yote matano, na kubeba mayai ya kuchemsha na chakula cha mchana kutoka nyumbani. Siku mbili zilizotimizwa zinajenga kuliko tatu za kwenye karatasi.

Kuna michanganyiko mingine ya kuitambua. Kiuno kikishuka na daftari nalo likishuka, huku mizani ikiporomoka zaidi ya kilo moja kwa wiki baada ya mwezi wa kwanza, mtu anakula kidogo mno na anapoteza misuli. Arudishe kalori 200 hivi kwa siku na aangalie usingizi wake. Daftari likipanda, mizani ikipanda na kiuno kikipanda zaidi ya sentimita moja kwa wiki nne, anajenga misuli kweli lakini anaweka na mafuta, na cha kupunguza kwa kawaida ni mafuta ya kupikia, soda, na ile sahani ya pili ya wali wa kwenye shughuli. Kiuno kikishuka, daftari likipanda na mizani ikikaa palepale, huko ndiko kubadili umbile kwenyewe, na namba ya mizani ipuuzwe hata kama ndugu wanaulizia. Kwa bahati mbaya ndugu watauliza kwa upande wa pili pia: uso ukipungua kidogo tu, salamu ya kwanza ni "mbona umekonda, unaumwa?"

Vipimo vingine, kwa ufupi

Picha inafaa ikipigwa kila wiki nne, mbele, ubavu na nyuma, kwenye dirisha lilelile, saa ileile na nguo ileile. Mwanga ukibadilika, umbile hubadilika nao. Usiitegemee kabla ya wiki ya nane. Vibano vya kupima unene wa ngozi vinahitaji mkono mmoja wenye uzoefu kila mara, na jimu nyingi hazina mtu huyo.

Mizani ya umeme inayotoa asilimia ya mafuta ndiyo ninayoshauri iachwe. Inapitisha umeme mdogo sana kutoka mguu mmoja hadi mwingine na kukisia mafuta kutokana na jinsi mwili unavyouzuia, jambo linalotegemea maji yaliyomo mwilini. Mtu aliyetembea kwenye jua la Oktoba hapa Dodoma bila kunywa maji ataambiwa ana mafuta mengi kuliko aliyonayo, na akinywa chupa mbili namba itabadilika bila gramu moja ya mafuta kuguswa. Anayeanza akiiona asilimia hiyo imeruka kutoka 27 hadi 30 kwa wiki moja atadhani ameharibikiwa.

Kwa wanawake ratiba yenyewe inabidi ibadilike kidogo. Maji ya siku za kabla ya hedhi yanaweza kuongeza kilo moja au mbili na kuvimbisha tumbo, kwa hiyo mizani na futi vyote hudanganywa kwa pamoja. Dawa yake ni kulinganisha siku ileile ya mzunguko: kwa mfano, siku ya tano baada ya hedhi kuanza mwezi huu na siku ya tano mwezi ujao. Vipimo vya katikati viandikwe kama mtu anapenda, ila visitolewe uamuzi. Nyonga na paja navyo vipimwe, kwa kuwa wapo wanaojaa misuli huko huku kiuno kikishuka. Aliyejifungua miezi michache iliyopita au anayenyonyesha aliache kwanza suala la kula pungufu hadi azungumze na mhudumu wake wa afya.

Nani achague kipi

Lengo la kilo lina watu wake. Mwenye uzito mkubwa sana, ambaye daktari amemwambia apungue kwa ajili ya magoti, sukari au upasuaji, ana mafuta mengi kiasi kwamba mizani yake itashuka kwa kasi inayosikika hata ikiwa anajenga misuli. Kwake wastani wa wiki ni kipimo kizuri, na futi inamsindikiza. Bondia anayetafuta uzito wa pambano naye hana hiari. Kinyume chake, mtu mwembamba mwenye kitambi, wa kilo 65 na kiuno cha sentimita 90, asijiwekee lengo la kilo kabisa: akifaulu vizuri baada ya wiki 24 anaweza kuwa na kilo 66 na kiuno cha 85, na mizani itamwambia ameshindwa. Huyu achague daftari kuwa kipimo cha kwanza, futi cha pili, na mizani aitumie tu kuhakikisha kwamba hashuki.

Mtu wa katikati kama mtumishi wetu achague futi kwanza, daftari la pili, na mizani ya wastani kuwa shahidi wa tatu. Kuhusu muda, wiki sita zinatosha kujua kama utaratibu unatekelezeka na hazitoshi kujua kama mwili umebadilika. Wiki 12 zinatosha kuona sentimita tatu au nne za kiuno. Wiki 24 ndizo zinazoonekana na watu wengine. Mashindano ya siku 30 yanayotangazwa mitandaoni kwa picha mbili yamekaa ndani ya kipindi cha maji na mishipa ya fahamu, na picha ya pili mara nyingi imesaidiwa na mwanga na pumzi iliyozuiwa.

Baada ya wiki 24 mtu wetu si mgeni tena wa vyuma, na fursa ya kujenga misuli huku akipunguza mafuta inaanza kufifia kwa sababu nyongeza za daftari zitakuja taratibu zaidi. Kiuno chake kina sentimita 91.5 na nusu ya urefu wake ni 85, kwa hiyo njia iliyo mbele yake ni mojawapo ya mbili: kuendelea na punguzo lilelile la kalori 300 kwa wiki nyingine 24 akikubali kwamba skwati itapanda kwa kilo chache tu, au kupunguza zaidi kidogo kwa wiki 10 hadi 12, kwa kasi ya nusu kilo kwa wiki, akilenga tu kulinda uzito anaoubeba sasa. Kwa kuwa Bunge la Bajeti linaisha mwishoni mwa Juni na ratiba yake ya ofisi italegea, ningemshauri ya pili, aianze Julai, na safari hii mizani ipewe nafasi ya juu kidogo, kwa kuwa sasa kutakuwa na mabadiliko makubwa ya kutosha kwa yenyewe kuyaona.